Muhtasari Umesainiwa, Lakini Je, Kijiji Kiliridhia? Mwongozo wa Kupima Ridhaa ya Wanakijiji Mwekezaji wa Nje Anapotaka Ardhi

Karatasi inayoamua hatima ya ardhi ya kijiji Tanzania kwa kawaida haizidi kurasa tatu. Ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Juu kuna ajenda, katikati kuna sentensi inayosema "wajumbe kwa kauli moja waliridhia", chini kuna saini ya mwenyekiti, saini ya mtendaji na muhuri wa kijiji, na nyuma yake zimebanwa karatasi za mahudhurio. Wilayani wakiiona wanaendelea na kazi. Mwekezaji akiulizwa kama watu walikubali, anaitoa.

Mwongozo huu unahusu kuipima karatasi hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya mjumbe wa halmashauri ya kijiji, msaidizi wa kisheria, mwandishi wa habari, au kijana aliyerudi nyumbani likizo akakuta vigingi vyenye rangi nyekundu shambani kwa bibi yake. Nitatumia sheria ya Tanzania Bara, na mfano wa kijiji kimoja nilichokaa nacho kwa wiki mbili. Sitakitaja jina, kwa sababu waliohusika bado wanaishi jirani.

Kwanza, jua nani anamkodisha nani

Usianze na mahudhurio wala saini. Anza na neno "kukodisha", maana hapo ndipo ridhaa nyingi huharibika kabla mkutano haujaitishwa.

Mwanakijiji akisikia mwekezaji anataka kukodi ardhi, anafikiria jambo analolifahamu: mimi nina shamba, wewe unalilima misimu miwili, unanilipa, kisha shamba ni langu. Sheria haiendi hivyo kwa mgeni. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na anayopewa ni hatimiliki isiyo asili, yaani haki ya kutumia inayotokana na haki ya mwingine. Kwa miaka mingi huyo mwingine alikuwa Kituo cha Uwekezaji Tanzania, TIC, na mgeni akapewa muda uliofika hata miaka 99.

Ili mamlaka ya uwekezaji iwe na ardhi ya kumpa mgeni, ardhi hiyo lazima kwanza iache kuwa ya kijiji. Inahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla. Maofisa wanaita uhawilishaji, wengine huandika uhaulishaji. Utaratibu wake uko kwenye kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Uhawilishaji ukikamilika, haki za kimila juu ya eneo hilo zimekwisha. Halmashauri ya kijiji haina tena usimamizi juu yake. Mkataba wa mwekezaji ukiisha, au kampuni ikifilisika, ardhi haigeuki yenyewe kuwa ya kijiji tena, inabaki ardhi ya jumla chini ya Kamishna wa Ardhi.

Kwa hiyo kijiji hakikodishi chochote. Kinaulizwa kama kinakubali kuiachia ardhi, halafu mwingine ndiye atakayeikodisha. Kama mkutano uliulizwa "mnakubali kumkodishia mwekezaji?" na watu wakajibu ndiyo, walijibu swali ambalo halikuwepo mezani. Saini zinaweza kuwa halali zote, akidi ikatimia, wanawake wakawepo, na bado ridhaa ikawa haipo.

Swali la kumuuliza kila uliyemkuta, kabla ya maswali mengine, ni hili: "Mwekezaji akiondoka, ardhi inakuwa ya nani?" Katika kijiji nilichokisema, niliwauliza watu 26 waliohudhuria mkutano. Watu 23 walisema inarudi kijijini. Wawili walisema hawajui. Aliyejibu sawasawa alikuwa mwalimu mstaafu, naye alikiri hakusimama kusema.

Kusanya nyaraka, na uziombe kwa maandishi

Unahitaji karatasi hizi: barua ya mwekezaji ya kuomba ardhi, muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji, muhtasari wa mkutano mkuu pamoja na mahudhurio yake yote, ramani ya eneo linaloombwa, cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi kama upo, jedwali la fidia, na nakala ya tangazo la Gazeti la Serikali ikiwa mambo yamefika huko. Nusu ya hizi hukaa kwenye kabati la mtendaji wa kijiji. Nyingine ziko kwa afisa ardhi wa wilaya.

Ukiomba kwa mdomo utaambiwa aliyeshika ufunguo amesafiri. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, taja kila karatasi kwa jina, na utaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Peleka nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Hiyo nakala yenye tarehe ya mapokezi itakusaidia baadaye kuliko majibu yenyewe, kwa sababu itaonyesha kwamba uliuliza mapema.

Muhtasari uombe fotokopi ya asili iliyoandikwa kwa mkono. Uliochapwa wilayani usikutosheleze. Wakati mwingine kuna vyote viwili, na havifanani.

Panga tarehe kwenye mstari mmoja

Chukua daftari, andika tarehe za karatasi zote kwa kufuatana. Kazi hii ni ya robo saa tu, na mara nyingi ndiyo inayofichua mambo. Ridhaa inayostahili jina hilo inatangulia uamuzi. Ndiyo maana mikataba na miongozo ya kimataifa inazungumzia ridhaa huru, ya awali na yenye taarifa kamili, na hilo neno "awali" linapimika kwa kalenda tu.

Katika kijiji chetu mstari ulisomeka hivi: ramani ya upimaji, 14 Machi. Barua ya mwekezaji kwa kijiji, 20 Machi. Kikao cha halmashauri ya kijiji, 2 Aprili. Mkutano mkuu, 9 Aprili. Wapimaji walipita mashambani siku sita kabla kijiji hakijapokea hata barua ya maombi. Nilipomuuliza mtendaji nani aliwaruhusu, alisema walikuja na gari la wilaya na yeye akadhani ni mambo ya mpaka na kijiji jirani. Namwamini. Watendaji wengi wanakuta jambo limeshaamuliwa juu, wanabaki kutafutiwa saini.

Angalia pia umbali kati ya kikao cha halmashauri na mkutano mkuu. Siku saba zinatosha kupiga mbiu. Hazitoshi watu wa vitongoji vinne kukaa na kuzungumza juu ya ardhi ambayo wajukuu wao hawataiona tena. Sheria inawapa nafasi ambayo karibu hakuna anayeitumia: kijiji kinaweza kumtaka Kamishna wa Ardhi au ofisa wake afike mkutanoni aeleze sababu za kuhamisha ardhi na kujibu maswali. Tafuta kwenye muhtasari kama alifika. Kama hayupo, uliza nani alieleza. Mara nyingi utasikia alikuwa diwani, au mkuu fulani aliyefika na msafara, akazungumza dakika 20 na kuondoka.

Soma muhtasari kama fundi anavyokagua tairi

Hapa kaa kwa muda. Nitaonyesha tulivyofanya.

Muhtasari wa 9 Aprili ulikuwa na mahudhurio ya watu 214. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, kwa hiyo idadi yoyote ya mahudhurio haina maana mpaka uiweke mbele ya idadi ya watu wazima. Tulikwenda kwa wenyeviti wa vitongoji, tukajumlisha madaftari yao ya wakazi, tukapata watu wazima 1,126. Waliohudhuria basi ni chini ya mmoja kati ya watano. Kisha tukagawa yale majina 214 kwa kitongoji. Kitongoji cha mtoni, ambacho ndicho kilichobeba karibu ardhi yote iliyoombwa, kilikuwa na majina 9. Wengi wa waliopiga kelele za kukubali walitoka upande wa barabarani, ambako hakuna aliyekuwa anapoteza hata tuta moja.

Halafu tukaangalia karatasi zenyewe. Kulikuwa na kurasa sita za majina. Ukurasa wa nne na wa tano, kwenye fotokopi, ulikuwa na vidoti vinne vyeusi kwenye kona, ilhali nyingine zilikuwa na viwili. Vidoti hivyo ni matundu ya pini za stepla. Kurasa hizo mbili zilikuwa zimewahi kubanwa kwenye kitu kingine, zikachomolewa, zikabanwa hapa. Mama mmoja alipoliona jina lake ukurasa wa tano alicheka: hiyo ndiyo karatasi aliyosaini siku ya kugawiwa vyandarua. Tukitoa kurasa mbili hizo, majina yanabaki 143.

Si kila muhtasari wenye dosari ni wa kughushi. Nimeona mihtasari ya mikutano ya kweli kabisa iliyoandikwa hovyo kwa sababu mtendaji alikuwa peke yake na kalamu iliisha wino. Mwandiko mmoja kwenye majina mengi unaweza kumaanisha tu kwamba karani aliwaandikia wasiojua kusoma. Kwa hiyo usimkimbilie mtu na tuhuma. Chagua majina 20 bila kupanga, watafute wenyewe, umuulize kila mmoja maswali matatu: ulikuwepo? Ulisikia nini? Ulinyoosha mkono? Wakikuambia mambo yanayofanana, mkutano ulikuwepo. Wakitofautiana juu ya ukubwa wa ardhi, una tatizo zito kuliko saini.

Na sisi tulikuwa nalo. Karibu kila mtu alikumbuka kusikia "ekari mia sita". Muhtasari uliandika "hekta 600".

Tofauti hiyo si ya kalamu tu. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Ekari 600 ni kama hekta 243. Hekta 600 ni zaidi ya ekari 1,480. Na kifungu cha 4 kina mpaka wake: ardhi isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa maoni na mapendekezo, na anayeidhinisha ni Waziri. Kwa ekari 600 walizozisikia, watu wale walikuwa na neno la mwisho. Kwa hekta 600 zilizoandikwa, walikuwa wanashauri tu. Hakuna aliyewaambia lolote kati ya hayo mawili.

Upo pia mchezo wa upande wa pili, ardhi kubwa kukatwa vipande vya hekta 240 na kitu, kila kipande na muhtasari wake, ili jambo liishie kijijini bila kufika kwa Waziri. Ukikuta mihtasari mitatu ya mwekezaji mmoja ndani ya miezi michache, jumlisha hekta.

Tembea mpaka wenyewe

Ramani ya mwekezaji iweke kwenye simu yenye GPS, au chukua tu viratibu vya pembe zake, kisha tembea na wazee wawili na kijana mmoja. Wazee kwa ajili ya majina ya mahali, kijana kwa ajili ya miguu. Kila mnapofika penye matumizi, simama uandike: shamba la nani, kisima, njia ya mifugo, makaburi, mti wa matambiko, mahali pa kuchimba udongo wa kujengea, msitu wa kuni na dawa.

Karatasi za uwekezaji zinapenda neno "ardhi isiyotumika". Sheria ya Ardhi yenyewe inachangia utata, kwa kuwa tafsiri yake ya ardhi ya jumla inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji haina maneno hayo. Pori ambalo ofisa analiona tupu huenda ni shamba lililolazwa mwaka wa nne lirudishe rutuba, au malisho ya kiangazi ambayo masika hutamkuta ng'ombe hata mmoja. Ukitembea mara moja tu, tembea kiangazi.

Sisi tulipata visima viwili vya kienyeji ndani ya eneo, na makaburi ya ukoo mmoja. Jedwali la fidia lilikuwa na miembe, mikorosho na nyumba nne. Visima havikuwepo. Jedwali linahesabu kilicho cha mtu mmoja, na kisima ni cha wote, kwa hiyo kinapotea bila mtu kukiiba.

Wilaya ya Kisarawe inafundisha hapa. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyokuwa ya vijiji 11 ili kulima mbono kaburi kwa ajili ya mafuta. Mwaka 2011 ikaingia kwenye ufilisi na mamia ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Malalamiko yaliyosikika sana baada ya hapo yalihusu njia, maji na makaburi yaliyobaki upande wa pili wa mpaka, na ahadi za huduma ambazo watu waliambiwa kwa mdomo na hawakuwa na karatasi ya kuwadai nayo wenye kampuni wapya.

Wasikilize ambao hawakuwa na kiti

Mkutano mkuu unahesabu wakazi. Ardhi ina watumiaji wengi kuliko wakazi. Mfugaji anayepita miezi mitatu kila mwaka hayumo kwenye daftari la kitongoji, ingawa njia yake ina umri mkubwa kuliko kijiji. Kijana anayelima pembeni mwa bonde kwa ruhusa ya mjomba hana shamba la jina lake. Mwanamke aliyeolewa anahesabiwa chini ya mumewe hata pale shamba analima yeye. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, lakini mkutanoni kinachotawala ni nani kakaa mbele.

Zungumza na wanawake peke yao, mbali na ofisi ya kijiji. Mtoni asubuhi panafaa kuliko darasani saa nane. Usiwaulize "mlikubali?" kwa sababu watajibu walivyosikia wakubwa wanataka. Uliza: "Mwaka jana kuni ulitoa wapi? Mwaka huu utatoa wapi?" Mtu anayejua alichoridhia anajua pia kuni zake zitatoka wapi. Mama mmoja alinijibu, "Mwanangu, mimi niliambiwa trekta linakuja. Sikuambiwa linakuja kulima wapi."

Kwa wafugaji, tafuta kiongozi wao wa boma na umwonyeshe ramani chini kwa mchanga na mawe. Kama vijiji jirani vinatumia malisho pamoja, ridhaa ya kijiji kimoja haiwezi kuuza haki ya jirani, na karatasi zao nazo lazima ziwepo.

Halafu pima uhuru wa kusema hapana. Uliza alikuwepo nani mgeni siku hiyo, alikuja na nani, na kama askari walikuwepo. Uliza aliyepinga alifanywa nini. Kama hakuna aliyepinga, usifurahi mapema. Mkutano wa watu zaidi ya mia moja juu ya ardhi bila sauti moja ya kupinga ni jambo la ajabu, kwa wale wanaovijua vikao vyetu, ambako hata tarehe ya kufyeka barabara hubishaniwa.

Niseme pia upande mwingine. Utakuta watu waliokubali kwa akili zao timamu, wakijua kila kitu, kwa sababu korosho imeanguka bei au vijana wao wanahitaji ajira. Hiyo ni ridhaa, hata kama wewe usingeitoa. Kazi yako ni kupima kama walijua na kama walikuwa huru. Usiende na jibu mfukoni.

Fidia na ahadi zije kabla, kwa maandishi

Kifungu kilekile cha 4 kinakataza ardhi ya kijiji kuhamishwa kabla ya aina, kiasi, namna na muda wa kulipa fidia kukubaliwa. Kwa hiyo muhtasari unaosema "fidia itajadiliwa baadaye" umejikosoa wenyewe. Tafuta mambo mawili. Kwanza, kila anayetajwa kwenye jedwali aliona namba yake kabla ya kusaini, au alisaini karatasi yenye nafasi wazi? Pili, fidia ya kijiji kama kijiji, ile ya malisho na msitu, inalipwa kwenye akaunti ya nani? Huko Kilwa, ambako kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilichukua ardhi ya vijiji vinne vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti, watafiti waliandika kwamba sehemu kubwa ya malipo, asilimia 60, ilibaki halmashauri ya wilaya. Kampuni nayo ilisimama baada ya miaka michache.

Ahadi za zahanati, kisima na darasa ziandikwe kwenye mkataba kati ya kijiji na mwekezaji, zikitaja kitu, mahali, tarehe, na kitakachotokea kisipojengwa. Iwepo pia sentensi inayomfunga atakayeinunua kampuni. "Mwekezaji atasaidia huduma za jamii" haimfungi mtu. "Kisima kimoja chenye pampu ya mkono kitongoji cha mtoni kabla ya mwezi wa sita, na kazi ya kufyeka haitaanza kabla ya hapo" inamfunga.

Na kama kijiji kinataka kweli kubaki na ardhi huku kikifaidi mtaji wa mgeni, kiulize kuhusu njia isiyohitaji uhawilishaji: wakulima wanabaki na mashamba yao yenye hati za kimila, mwekezaji anajenga kiwanda kwenye eneo dogo na kununua mazao kwa mkataba. Wawekezaji wengi hawaipendi, kwa kuwa benki haiwakopeshi kwa dhamana ya shamba la mwingine. Lakini kijiji ambacho hakikuambiwa kwamba njia hii ipo hakikuchagua.

Ridhaa ikiwa na kasoro

Kinachowezekana kinategemea mambo yamefika wapi. Kabla tangazo la kuhamisha halijatoka kwenye Gazeti la Serikali, una nafasi kubwa. Itishwe mkutano mkuu mwingine, ajenda moja tu, na maazimio yaandikwe yakitaja kasoro kwa namba: tarehe, idadi, hekta. Nakala iende kwa Mkurugenzi, kwa Kamishna wa Ardhi na kwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi, zote zikiwa na muhuri wa mapokezi. Mwenyekiti akikataa kuitisha mkutano, wakazi waandike barua ya kudai uitishwe, waisaini, nakala iende kata na wilayani. Anayeshikilia shamba lake binafsi naye ana haki ya kupeleka maelezo yake peke yake.

Baada ya tangazo, mambo yanakuwa ya mahakama. Kesi dhidi ya Serikali, na sasa hata dhidi ya halmashauri, inatanguliwa na notisi ya siku 90, inamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na inafunguliwa Mahakama Kuu. Baraza la ardhi la kijiji au la kata halitakusaidia hapo, usipoteze miezi. Tafuta wakili mapema, na umpelekee lile daftari la tarehe, fotokopi zenye matundu ya stepla, na orodha ya wale 20 uliowahoji. Wakili anayepewa hadithi tu anaanza sifuri.

Na ujue kikomo. Rais ana mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na kwa zaidi ya hekta 250 kura ya kijiji si ya mwisho. Kinachoweza kupingwa kwa nguvu ni utaratibu uliorukwa na fidia isiyokubaliwa.

Kijiji chetu kiliwahi kabla ya tangazo. Mkutano wa pili uliitishwa chini ya mwembe wa kitongoji cha mtoni badala ya ofisini barabarani, na mahudhurio yalikuwa 502, wakiitwa jina kwa jina kutoka kwenye madaftari. Afisa ardhi alikuja mwenyewe. Yule mama wa vyandarua ndiye aliyeuliza ardhi itarudi lini. Afisa akajibu kwa uaminifu kwamba hairudi kijijini, inarudi kwa Kamishna. Pakawa kimya, kisha kelele, kisha mwenyekiti akaomba watu wakae. Waliazimia kukataa hekta 600 na kumwambia mwekezaji, akitaka, alete barua mpya ya eneo la kiwanda tu. Muhtasari uliandikwa hapohapo, ukasomwa kwa sauti kabla ya kusainiwa, na kila kitongoji kikabaki na nakala yake. Mpaka naondoka, barua mpya ilikuwa haijafika.